Moto wa Basotu na Pombe Ambayo Benedikta Hakuinywa

Basotu nzima ilimjua Benedikta kwa makande yake na kwa ulimi wake. Makande yalishibisha, ulimi ulichoma, na wanaume wengi wa mashamba ya ngano walikubali kuchomwa alimradi washibe. Alikuwa mzaliwa wa kijiji cha Daudi, huko juu Mbulu ambako baridi humfanya hata jogoo awike kwa kutetemeka. Aliletwa chini Hanang na mumewe, Bura Sulle, dereva wa trekta, enzi zile serikali ilipokuwa inafungua shamba baada ya shamba na wafugaji wakisukumwa pamoja na mifugo yao kwenda wanakokujua wenyewe. Bura aliendesha trekta, Benedikta akapikia kambi. Watu walisema mke ana nguvu kuliko trekta, na trekta halikubisha.

Bura alipofariki kwa maradhi ya kifua, akimwacha mkewe na binti yao Justina, ukoo ulikaa ukaamua mambo kwa niaba ya mjane, kama koo zinavyopenda kufanya. Wakasema arithiwe na mdogo wa marehemu, Patriki Sulle, mwenye malori mawili ya kubeba ngano na mdomo wa malori manne. Patriki alikuja amevaa koti jipya. Benedikta alimtazama kuanzia viatu mpaka kola.

"Mimi si trela, Patriki," alimwambia mbele ya wazee, "la kufungwa nyuma ya lori lolote linalopita."

Wazee wengine walicheka kwenye viganja. Patriki hakucheka, wala hakusahau. Tangu siku hiyo alimwita shemeji kwa sauti ya mtu anayetema mbegu ya limau.

Basi mjane alibaki, akapika, akaweka akiba, akajenga. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba sita, mabati juu, milango ya mbao ngumu, pembeni ya barabara inayokwenda mashambani. Ilichukua miaka mingi, chumba baada ya chumba. Wapangaji wake walikuwa madereva wa kombaini, watu wa pesa ya mwezi na tope la kila siku. Na ilipokamilika, Benedikta alifanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya pale Basotu: alipanda gari akaenda Arusha kuikatia nyumba bima.

Alilitoa kambini wazo hilo. Mwaka mmoja kombaini iliungua katikati ya mabua, akamwona bwana mmoja wa bima amekuja na kamera, akapiga picha lile chuma jeusi kutoka kila upande kama bibi harusi. Msimu uliofuata kombaini mpya ikaja. Benedikta akajiuliza, kama chuma cha serikali kinalindwa, matofali ya mjane yana kosa gani? Watu walipojua walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Amewapa watu wa Arusha hela ili nyumba isiungue!" alitangaza Patriki kilabuni. "Ikiwaka moto, shemeji ataandika barua na karani atakuja kupuliza!"

Hapo watu walikunywa kwa furaha. Kicheko cha bure ndicho kitu pekee ambacho hakikuwa na foleni mwaka ule. Sabuni ilikuwa na foleni, sukari ilikuwa na foleni, mafuta ya taa ndiyo usiseme.

Nyuma ya nyumba ya Benedikta ndipo palipokuwa na yadi ya Patriki. Huko malori yalilazwa, matairi yaliyotoboka yakazibwa, na ukutani kwa Benedikta Patriki aliegesha marundo ya magunia yaliyojaa makapi ya ngano. Benedikta alimwambia ayaondoe. Alimwambia kwa upole, akamwambia kwa ukali, akamwambia mbele ya balozi wa nyumba kumi. Patriki alijibu kuwa magunia hayana mikono ya kubomoa ukuta.

Kweli hayakuwa na mikono. Yalikuwa na makapi makavu, na mwezi wa nane upepo wa Hanang hauombi ruhusa kwa mtu. Alasiri moja fundi wa Patriki alikuwa anachomelea trela lililopasuka, hatua chache tu kutoka ukutani. Cheche zikaruka. Moja, labda mbili, zikaingia kwenye gunia. Fundi alikuwa amevaa miwani yake myeusi, anaona ule mwanga wake mdogo tu, na alipoivua, moto ulikuwa umeshapanda kwenye kenchi za paa na unatembea ndani ya dari.

Watu walikimbia na ndoo. Boza la maji la shamba lilikuja, lakini lilikuja kama mgeni wa heshima, wengine wote wakiwa wameshakaa. Hakuna aliyeumia. Paa lote lilianguka, vyumba vinne vikabaki kuta zilizopasuka, viwili vikabaki na milango nusu. Madereva walisimama barabarani wakitazama magodoro yao yanavyogeuka moshi, halafu, kwa kuwa binadamu ni binadamu, wakamgeukia mwenye nyumba.

"Mama Justina, redio yangu utanilipa lini?"

"Uliwahi kunilipa kodi ya redio?" Benedikta aliuliza, masizi usoni. "Chumba ni changu. Redio ni yako. Mfuate aliyewasha."

Aliyewasha alikuja jioni ileile. Patriki hakuja peke yake. Alikuja na Mzee Akonaay, mkubwa wa ukoo wa akina Sulle, mwenye fimbo iliyong'aa kwa kushikwa, na mwenye sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikipanda. Benedikta alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akatoa viti viwili vilivyopona.

"Shemeji," Patriki alisema, akitazama chini, "pole. Nimekuunguzia. Nakiri mbele ya mzee. Sitaki tuburuzane. Nitaleta mtamba na pombe ya asali, tumalize kikwetu."

Mtu yeyote wa pale anaijua njia hiyo. Mkosaji analeta mtamba, analeta pombe ya asali, wazee wanakaa. Mkosewa anapokea kibuyu, anakunywa, anatema kidogo kifuani kwa mkosaji kama baraka, anasema moyo wake umepoa na hana dai. Basi. Dai limezikwa, na mtu akija kulifukua, ukoo unamwona kama anayefukua maiti.

Tangu kifo cha Bura hakuna mtu wa ukoo ule aliyekuja mlangoni kwa Benedikta kuleta kitu. Walikuja kuuliza, walikuja kuamua, walikuja kula makande. Leo wanataka kuleta.

"Nimekubali," alisema. "Leteni."

"Asali tutaichachusha wiki hii," Mzee Akonaay alisema. "Ikiiva, tutakuja."

Asubuhi majirani walikuja na majembe, mila nzuri kabisa, kumsaidia kuondoa kifusi. Benedikta aliwazuia mlangoni amenyoosha mikono kama kipa.

"Hakuna kugusa! Karatasi ya bima inasema viachwe vilivyo mpaka aje mtu wao aone."

"Aone nini, mama? Majivu?"

"Hayohayo majivu."

Walirudi wakinong'ona kwamba mjane amekuwa bahili hata wa kifusi.

Kisha akamwita Sebastiani. Huyu alikuwa karani wa ghala la shamba, amestaafu na kalamu yake mfukoni na kiburi chake kichwani. Sebastiani aliamini kuwa hakuna kitu duniani kisichoweza kuboreshwa kwa maneno. Walikaa kwenye vigoda vya jikoni, karatasi ya kaboni katikati, na ugomvi ukaanza kwenye mstari wa kwanza.

"Tuanze hivi," Sebastiani alisema. "Kwa masikitiko makubwa yasiyoelezeka na machozi yanayotiririka..."

"Machozi yangu hayamo kwenye bima. Andika namba ya hati."

"Mama Justina, barua bila mapambo ni kama ugali bila mboga."

"Namba ya hati, Sebastiani."

Aliandika. Alipofika kwenye hasara akatabasamu kama fisi aliyeona mlango wazi. "Hapa sasa. Vyumba tuseme kumi na viwili. Magodoro ya wapangaji tuyaweke yote, na cherehani mbili."

"Cherehani ya nani?"

"Ya kuungua."

"Nimekata bima ya jengo. Godoro la dereva ni la dereva. Ukiandika kumi na viwili, watakuja kuhesabu kuta, na kuta hazijui kusema uongo. Andika sita."

Sebastiani aliguna, akaandika sita kwa mwandiko wa mtu aliyetukanwa. Hivi ndivyo barua ilivyotoka, chini ya namba ya hati:

*Meneja wa Tawi, Shirika la Bima, Arusha.*

*Ndugu,*

*YAH: TAARIFA YA MOTO, NYUMBA YA KUPANGISHA ILIYOKO BASOTU*

*Napenda kukutaarifu kuwa nyumba yangu ya vyumba sita, iliyokatiwa bima ya moto kwa hati ambayo namba yake nimeiandika juu, imeungua jana alasiri. Paa lote, dari na milango minne vimeteketea. Kuta za vyumba vinne zimepasuka. Hakuna mtu aliyeumia. Moto ulitokana na cheche za kuchomelea katika yadi ya jirani yangu Ndugu Patriki Sulle, zikashika magunia yaliyoegemezwa ukutani kwangu. Nimetoa taarifa polisi Katesh. Sijaondoa wala kutengeneza kitu, nasubiri mkaguzi wenu.*

*Naomba mnitumie fomu za madai nizijaze mapema iwezekanavyo.*

*Aidha msiwe na wasiwasi juu ya ugomvi. Ndugu huyo ni shemeji yangu na tumeshakubaliana mbele ya wazee kuwa ataleta mtamba na pombe ya asali, tutakunywa na mambo yataisha kabisa.*

*Wenu, Benedikta Bura.*

Aya ya mwisho aliitunga mwenyewe, na aliipenda kuliko zote. Alitaka watu wa Arusha wajue kuwa wanashughulika na mtu wa amani, si mfitini. Hata Sebastiani alitikisa kichwa kwa heshima. "Hiyo," alisema, "itawayeyusha."

Akaipeleka mwenyewe Katesh, akaanzia polisi kutoa taarifa, akaituma kwa rejista, akatunza stakabadhi ndani ya kitambaa kifuani. Nakala ya kaboni aliifunga kwenye kopo la chumvi.

Watu wa Arusha hawakuyeyuka. Waliruka. Jibu lilikuja haraka kuliko kitu chochote cha serikali kilivyowahi kuja Basotu, likiletwa na dereva wa shamba aliyetoka posta. Bahasha ilikuwa nene. Ndani mlikuwa na fomu za madai, na juu yake barua fupi yenye maneno makavu kama makapi. Benedikta alisoma polepole, kidole chini ya kila neno, jinsi alivyofundishwa kwenye darasa la watu wazima.

Walimpa pole. Walisema ajaze fomu, aambatanishe taarifa ya polisi, mkadiriaji hasara atafika. Halafu wakasema: asipokee kitu chochote kutoka kwa aliyesababisha moto, wala asimsamehe kwa neno au maandishi, bila ridhaa yao. Shirika likishamlipa yeye, haki yake ya kumdai aliyeunguza inakuwa mikononi mwao. Akiizika haki hiyo kabla, atakuwa amewazikia wao, na wanaweza kukataa dai.

Alisoma mara ya pili. Akakaa kwenye kigoda. Sebastiani aliposoma naye, alivua miwani.

"Mama Justina. Pombe inaiva lini?"

"Kesho."

"Basi kesho," Sebastiani alisema, na kwa mara ya kwanza hakuongeza kitu.

Benedikta aliwaza, na kadiri alivyowaza ndivyo meno yalivyozidi kusagana. Patriki alikuwa na bima ya malori. Miaka michache nyuma lori lake lilivunja duka la Mhindi huko Babati wakati hati yake imekwisha muda, na bima ya yule Mhindi ilimgeukia Patriki mpaka akauza ng'ombe. Kwa hiyo alijua. Katika Basotu nzima, mtu mmoja alijua tangu siku ya kwanza kwamba kibuyu kimoja cha asali kinaweza kuzima dai la Arusha. Koti la toba aliloingia nalo jioni ile lilikuwa koti la mvua.

Wakaja. Wazee wa ukoo, wanawake wachache wa ukoo nyuma yao, kibuyu kikubwa kimefungwa ngozi, na mtamba mwekundu mzuri, anayelia kwa sababu hajui siasa. Walikaa uani, kwenye kivuli cha ukuta mweusi. Benedikta alikuwa amewapikia. Alitaka walau wale kwanza.

Patriki alisimama. Alijua kusimama, hilo hakuna wa kumnyima. "Wazee wangu, nimekosa. Huyu hapa mtamba. Hii hapa pombe. Shemeji anywe, tuwe wamoja."

Kibuyu kikajazwa, kikaletwa. Mzee Akonaay alikinyoosha kwa mikono miwili. Benedikta hakunyoosha wake.

"Mzee, shikamoo."

"Ulishaniamkia, mke wetu. Pokea."

"Naomba kusema kwanza. Siku ile nilikubali. Sijageuka. Lakini watu wa bima wameandika. Wamesema nikinywa leo, hawanilipi. Nyumba inabaki hivi." Alionyesha kuta kwa kidevu. "Mtamba mmoja hajengi vyumba sita. Naomba mtamba akae kwako, mzee, na pombe nyingine tutaichachusha baadaye. Bima ikishamaliza kazi yake, nitakunywa mpaka nilale."

Ua lote likavuma kama mzinga uliogongwa.

"Sasa ukoo unaongozwa na barua?" mmoja alifoka.

"Alishazoea kuongozwa na ulimi wake," mwanamke mmoja alisema kwa sauti ya kutosha.

"Mke wetu," Mzee Akonaay alisema, taratibu, "hawa watu wa bima, ukifa watakuja kukuzika?"

"Hapana, mzee."

"Ukiugua watakuletea uji?"

"Hapana, mzee. Wala mlipokuja kuniamulia nirithiwe hamkuniletea uji."

Hapo alikosea, na alijua amekosea neno lilipokuwa bado njiani. Lakini neno la Benedikta lilikuwa kama ng'ombe aliyeona shamba la mahindi: likitoka, limetoka.

Patriki aliona mwanya, akaukimbilia. "Mmesikia? Mmesikia wenyewe! Mimi nimeinama mpaka magoti yameota sugu, yeye ananipeleka mahakamani! Aliyenikataa mimi, sasa anaukataa ukoo mzima! Anywe leo, wazee. Leo, mbele yenu. Au aseme waziwazi yeye si mtu wa kwetu."

"Mtamba akae kwa mzee," Benedikta alirudia. "Shida iko wapi? Kama toba ni ya kweli, itaharibika kwa kusubiri?"

"Hakuna kusubiri! Asiponywa leo, mtamba anarudi kwangu!"

"Mbona una haraka hivyo, Patriki?" Mzee Akonaay aliuliza.

"Kwa sababu nataka amani!"

"Anataka usalama," Benedikta alisema. "Aseme kilichompata Babati. Aseme nani alimfanya auze ng'ombe wakati ule, yule mwenye duka au bima ya mwenye duka."

Macho ya Patriki yalikwenda kwa mtamba, yakarudi. "Sasa mlitaka niuze lori?" akaropoka. "Kwa ajili ya makapi?"

Mzee Akonaay alishusha kibuyu chini. Mtu angetegemea hapo amgeukie mkosaji amkaripie, mjane apigiwe vigelegele, tuende nyumbani. Mtu huyo hamjui Mzee Akonaay. Alikuwa amekasirika pande zote.

"Patriki. Mkosaji hamhimizi mkosewa. Ulitaka kutufanya sisi mlango wako wa kutorokea deni. Mfungue mtamba wako, umrudishe, na aibu yako ufungane nayo." Halafu akageuza fimbo. "Na wewe. Ulikubali mbele yangu, ukoo ukapika pombe kwa neno lako. Leo kibuyu kimebaki kimejaa mikononi mwangu. Hilo halijawahi kutokea tangu nizaliwe. Mpaka siku utakapokinywa, hatukujui. Usije kwetu kuomba moto, nasi hatutakuja kwako."

"Mzee, nimesema nitakunywa baadaye."

"Pombe hii haina baadaye."

Akaimwaga. Asali ilichimba shimo dogo kwenye majivu. Wakaondoka wote, na hakuna aliyeonja makande. Patriki alipita karibu na Benedikta, mtamba nyuma yake, akasema bila kugeuza shingo: "Barua yako ikulee."

"Bora barua kuliko mdomo wako," Benedikta alisema. Lakini alisema kwa migongo yao.

Akaingia jikoni, akajaza fomu. Palipoulizwa kama kuna mtu mwingine anayehusika na moto, aliandika jina la shemeji yake. Palipoulizwa kama amepokea au kuahidiwa fidia, aliandika ukweli wote: aliahidiwa, hakupokea, hakunywa. Neno la mwisho lilimshangaza hata mkadiriaji alipolisoma, maana alipofika kutoka Arusha na kanda yake ya kupimia lilikuwa swali lake la kwanza.

"Hukunywa nini, mama?"

"Nyumba yangu," Benedikta alijibu. "Kaa, nikueleze."

Alimweleza. Bwana yule alipima kuta, akapiga picha, akaokota vipande vya magunia yaliyoungua upande wa yadi, akamhoji yule fundi wa kuchomelea ambaye alikuwa tayari amefukuzwa kazi na hakuwa na sababu tena ya kumficha Patriki. Alipandisha nyusi kuona kifusi kiko palepale. Wengi, alisema, wanakuwa wameshafagia mpaka chanzo.

Madai yalichukua karibu mwaka mzima, na hayakuleta miujiza. Benedikta aliikatia nyumba bima kwa thamani ya siku za kujenga, mabati yalipokuwa bado ya bei ya kumfanya mtu atabasamu. Bei zikapanda, yeye hakuongeza. Kwa hiyo shirika lilikadiria kuwa sehemu ya hatari alijibebea mwenyewe, likamlipa kwa uwiano huo. Na kodi aliyoipoteza mwaka mzima haikumo kabisa kwenye hati. Benedikta alibisha kwa barua tatu. Ya mwisho haikujibiwa. Alisaini.

Kisha lile shirika likageuka, polepole kama trekta linalogeuka mwisho wa shamba, likamwelekea Patriki. Aliitwa Arusha mara ya kwanza, akapuuza. Mara ya pili alienda na wakili. Mwishowe alikubali kulipa kidogokidogo, na lori moja likaondoka yadini likiwa na mwenye kulinunua.

Siku ya kupaua ilikuwa na jua kali. Kwa desturi ukoo mzima ungekuja: wanaume juu, wanawake chini, kelele katikati. Hakuja mtu. Benedikta alikuwa amewaajiri mafundi wawili kutoka Hirbadaw, na madereva wawili wa kombaini waliorudi kupanga wakashika ngazi, wakimdai makande yasiyo na kodi. Mabati yalipigwa mpaka mchana.

Mzee Akonaay alipita barabarani na fimbo yake. Benedikta alitoka mpaka ukingoni.

"Shikamoo, mzee."

Mzee hakuitikia. Alitazama paa, bati kwa bati, kama mtu anayehesabu kondoo wa mwenzake, akaendelea na safari yake kwa mwendo uleule.

Patriki naye alitokea kwenye uzio wa yadi. Tumbo lilikuwa limepungua, mdomo haukupungua.

"Nyumba nzuri, shemeji. Umeijenga na nani? Naona hakuna ndugu hata mmoja."

"Nimeijenga na wewe," Benedikta alisema. "Mbao zile za mbele ni tairi zako. Asante."

"Utakufa peke yako humo."

"Kila mtu anakufa peke yake, Patriki. Tofauti ni nani ana paa mvua ikinyesha."

Patriki alitema mate chini, upande wake wa uzio, akarudi kwenye lori lake moja. Benedikta alisimama kidogo mahali alipokuwa, barabara ikiwa tupu pande zote. Justina, bintiye aliyeolewa Mbulu, alikuwa amemwandikia arudi Daudi, maana kwa akina Sulle mama yake hana tena mahali. Alikuwa hajamjibu.

Juu ya paa fundi aliita kwamba bati la mwisho ni fupi.

"Fupi kwa kiasi gani?"

"Shibiri moja, mama."

"Basi shuka ule kwanza," alisema, na akaenda kupakua, sahani nne kutoka kwenye sufuria iliyopikwa kwa ajili ya watu thelathini.